Engo ya Dagaa

Februari 2021 shirika la habari la Reuters lilitoa habari ya Nzambi Matee, mhandisi wa Nairobi ambaye kiwanda chake, Gjenge Makers, huchanganya taka za plastiki na mchanga na kutengeneza matofali ya kutandaza njiani. Katika habari hiyo Matee alilibamiza tofali kwa nguvu kwenye njia ya shule iliyotandazwa matofali hayohayo, huku akieleza kuwa ni imara kuliko zege mara tano hadi saba.

Watengeneza matofali wamejaa Nairobi, na wengi wao hawajawahi kupigiwa simu na mwandishi. Kilichombeba Matee ndicho waandishi wanachokiita engo: upande mmoja wa jambo unaomfanya hata asiyenunua matofali asimame asikilize. Taka zinazolisumbua jiji zima zilikuwa zimegeuka kitu kinachobamizwa chini mbele ya kamera.

Mwenye biashara ndogo anapomwandikia mtangazaji wa redio, mara nyingi husahau kwamba mtangazaji huyo naye ana wa kumshawishi. Kwenye kikao cha chumba cha habari, au kwa prodyuza wake, ataulizwa maswali matatu: jipya ni lipi, linamgusa nani, na kwa nini wiki hii? Asipokuwa na majibu, wazo hufia hapo.

Tumchukulie mama anayekausha dagaa kwenye mwalo mmoja nje ya jiji la Mwanza. Ujumbe wake wa kwanza ungeweza kuwa hivi: “Habari za kazi. Tunazalisha dagaa bora kwa bei nafuu. Karibuni mtutangaze.” Hilo ni tangazo, na matangazo yana idara yake na bei yake. Hata mtangazaji mwenye huruma ataishia kumpa namba ya watu wa masoko.

Lakini mama huyo ana habari, ila ameizoea hata haioni. Wenzake wengi huanika dagaa juu ya mchanga. Mvua ikinyesha, dagaa hulowa, huoza au hushuka daraja, wakaishia kuuzwa kwa bei ya chini kama chakula cha kuku. Yeye huanika juu ya vichanja vya miti na nyavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Hewa hupita juu na chini, mchanga haungii, na wingu likitanda huvuta turubai akafunika. Engo si dagaa wake. Engo ni mvua, na pesa inayooza mchangani kila masika.

Sasa aandike upya, kwa mistari ambayo mtu ataimaliza akiwa kwenye daladala:

“Habari za asubuhi, dada. Mimi ni mkaushaji wa dagaa hapa mwaloni. Mvua zinakaribia, na wengi wetu hupoteza mzigo kwa sababu tunaanika mchangani. Msimu uliopita nilijaribu vichanja na nimeandika kwenye daftari nilichopata na nilichopoteza. Jirani yangu anayeanika mchangani amekubali kuzungumza nawe pia. Tunaanika kuanzia alfajiri. Ukifika utatukuta kazini.”

Bei haimo, wala sifa. Daftari ndilo linalompa mwandishi takwimu anazoweza kuzikagua. Jirani ni sauti ya pili, maana habari ya mtu mmoja anayejisifu haimpiti mhariri makini. Na ile alfajiri ni zawadi kwa mtu wa redio: atarekodi dagaa wakimwagwa kichanjani na akina mama wakiitana, vitu ambavyo studio haina.

Ujumbe huu aupeleke kwa mtangazaji wa kipindi kinachofaa, cha wavuvi au cha asubuhi cha mkoa, na asimpigie simu akiwa hewani. Zikipita siku mbili tatu kimya, akumbushe mara moja tu. Akinyamaziwa tena, ajaribu kituo kingine. Kuwaahidi wawili kwamba kila mmoja ndiye wa kwanza humharibia jina kwa wote wawili.

Kuna mitego pia. Kusema “mimi ni wa kwanza Tanzania” ni hatari, kwa kuwa msikilizaji mmoja wa Musoma au Bukoba akipiga simu kukanusha, habari nzima inaanguka. Bahasha ya “asante” nayo inakatazwa na maadili ya uandishi, na hugeuza habari kuwa tangazo la kificho. Zaidi ya hayo, mwandishi akishaipokea habari, si ya mwenye biashara tena. Ataulizia leseni, atamuuliza mnunuzi, na huenda akasema hewani kwamba vichanja vina gharama ambayo wengi hawaimudu. Asiyeweza kulivumilia hilo anunue tangazo, ambalo maneno yake huyapanga mwenyewe.

Kwa mkaushaji wa Mwanza limebaki suala la tarehe. Masika huanza Machi, kwa hiyo ujumbe wake utumwe Februari.