Zidane na kikosi chake cha pili

Aprili 2017 Real Madrid ilicheza mechi tisa ndani ya siku 28, mbili kati ya hizo zikiwa za robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya dhidi ya Bayern Munich. Mwili wa mchezaji huhitaji takriban siku tatu kupona baada ya dakika 90. Mechi zikifuatana kwa kasi hiyo, majeraha ya misuli huongezeka, hasa ya nyuma ya paja, na kocha hana budi kupumzisha watu.

Tatizo ni namna ya kuwapumzisha. Akibadilisha mmoja mmoja katika kila safu, karibu kila mchezaji hujikuta na jirani mgeni. Dalili huonekana upesi: pasi huenda mahali pasipo na mtu, mabeki wawili humfuata mshambuliaji mmoja, mpira wa kona hukosa mwenyewe.

Zinedine Zidane alifuata njia nyingine. James Rodríguez, Kovačić, Asensio, Lucas Vázquez, Morata, Nacho na Danilo walipangwa pamoja mara nyingi hadi wakazoeana, wakawa karibu timu kamili ndani ya timu. Tarehe 15 Aprili, katikati ya mechi mbili za Bayern, wachezaji wa akiba walijaa kikosini na Sporting Gijón ikafungwa 3-2 kwake. Tarehe 23 Barcelona ikashinda 3-2 jijini Madrid. Siku tatu baadaye Zidane akabadilisha wachezaji tisa, na Deportivo La Coruña ikapigwa 6-2 nyumbani kwake, James akifunga mawili.

Faida ilionekana pia kwa waliopumzishwa. Cristiano Ronaldo, aliyekuwa na miaka 32, alicheza mechi 29 tu kati ya 38 za ligi, na safari ya Deportivo hakwenda kabisa. Katika mechi tano za mwisho za Ligi ya Mabingwa alifunga mabao kumi. Madrid ikatwaa mataji yote mawili.

Kinachomuumiza zaidi anayekaa benchi ni kutojua zamu yake itafika lini. Mpango wa namna hii humpa mechi anayoweza kuitazamia na kuiandaa. Hata hivyo, kesho yake baada ya mechi, wenzake wanapofanya mazoezi mepesi, yeye anapaswa kukimbizwa kwa nguvu inayokaribia ya mechi, la sivyo zamu itamkuta hana pumzi.

Mpango huo una kikomo. Morata alifunga mabao 15 ya ligi msimu huo, lakini katika mechi kubwa alianzia benchi. Mchezaji wa kiwango chake hawezi kuridhika na hali hiyo kwa muda mrefu. Baada ya msimu alihamia Chelsea, James akaenda Bayern kwa mkopo na Danilo akajiunga na Manchester City. Waliochukua nafasi zao hawakuziba pengo: msimu uliofuata Madrid ilimaliza ligi katika nafasi ya tatu, pointi 17 nyuma ya Barcelona.