Ada ya Mkopo: Safari Yake Kutoka Bodi hadi Akaunti ya Mwanafunzi

Mkopo wa mwanafunzi wa elimu ya juu nchini Tanzania hautolewi wote kwa mkupuo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, humpangia mwanafunzi kiasi cha mwaka mzima, kisha hukitoa kwa awamu. Fedha za chakula na malazi, zile ambazo wanafunzi huziita bumu, humfikia mwanafunzi mwenyewe. Ada ya mafunzo hufuata njia nyingine. Hutoka Bodi ikaingia kwenye akaunti ya chuo, na mwanafunzi haioni mkononi hata siku moja. Kwa sababu hiyo bumu likichelewa, mwanafunzi hujua siku hiyo hiyo, lakini ada ikikwama anaweza kukaa muhula mzima bila habari, hadi atakapozuiwa kuingia kwenye chumba cha mtihani kwa sababu ya deni.

Anayetaka kuifuatilia ada hiyo anapaswa kutofautisha hatua nne: fedha kupangwa, kutolewa, kusainiwa na kuingizwa. Kila hatua ina mhusika wake, na ina kumbukumbu yake inayoweza kuangaliwa.

Kupangwa na kutolewa

Kupangiwa mkopo ni uamuzi wa Bodi kwamba mwanafunzi fulani atapata kiasi fulani kwa kila kipengele: ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, na, kwa wanaostahili, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Taarifa hiyo huonekana katika akaunti binafsi ya mwanafunzi kwenye mfumo wa Bodi, inayojulikana kwa jina la SIPA. Mwanafunzi anayeingia humo asiishie kwenye jumla ya mkopo. Jumla inaweza kuwa kubwa na ada ikawa ndogo, kwa kuwa wengi hawapangiwi ada yote. Namba ya kuandika pembeni ni ile iliyo kwenye mstari wa ada ya mafunzo peke yake.

Kiasi kilichopangwa ni ahadi tu, bado si malipo. Fedha huhesabika kuwa zimetolewa pale Bodi inapotuma chuoni malipo ya muhula pamoja na orodha ya wanaolipiwa. Kwa kawaida ada hugawanywa katika sehemu mbili, nusu kwa muhula wa kwanza na nusu kwa muhula wa pili. Orodha ina uzito sawa na fedha zenyewe, kwa sababu malipo huingia benki kwa jumla, yakiwa ya wanafunzi wengi kwa pamoja. Orodha ndiyo inayoonyesha nani ana kiasi gani katika jumla hiyo. Jina lisipokuwemo, hakuna shilingi ya mwanafunzi huyo iliyofika, hata kama wenzake wa darasa moja wamekwisha kulipiwa.

Mwanafunzi anaweza kukosekana kwenye orodha kwa sababu kadhaa zinazojulikana. Huenda hajakamilisha usajili wa mwaka, na chuo hakijathibitisha kuwa yupo. Huenda ni mwanafunzi anayeendelea, na matokeo yake ya mwaka uliopita hayajafika Bodi, au yamefika yakionyesha kuwa hakufaulu kuendelea. Huenda amehama chuo, na mkopo wake bado umeandikwa kwa chuo alichotoka. Au majina aliyotumia kuomba mkopo hayalingani na yale aliyosajiliwa nayo chuoni. Katika hali zote hizi tatizo haliko kwenye idara ya fedha ya chuo, na kwenda kudai huko ni kupoteza muda.

Kusaini

Ada ikishafika, mwanafunzi hutakiwa kusaini kuthibitisha kuwa malipo hayo ni yake. Husaini kwenye karatasi katika dawati la mikopo la chuo, au kwa mfumo wa kidijiti wa Bodi unaotambua alama za vidole. Hatua hii hupuuzwa sana, kwa sababu mwanafunzi hupewa tangazo la kusaini lakini hapewi fedha. Wengine huikimbilia saini ya bumu na kuiacha ya ada, wakidhani kuwa ada hujilipa yenyewe.

Saini inahitajika kwa sababu mkopo ni deni, na Bodi haiwezi kumdai mtu fedha ambazo hakukiri kuzipokea. Inazuia pia fedha za umma kubaki chuoni kwa jina la mtu ambaye ameacha masomo, ameahirisha mwaka au amefariki. Fedha zisizosainiwa katika muda uliowekwa hutakiwa kurudishwa Bodi. Mwanafunzi aliyepitwa na muda huo hujikuta katika hali ngumu kuieleza: fedha zilitolewa, zilifika, kisha zikarudi, na chuo kinaendelea kumdai. Hapo hulazimika kuomba kupitia afisa mikopo wa chuo ili malipo hayo yatumwe upya.

Kuingizwa

Hatua ya nne hufanyika ndani ya chuo. Mhasibu huchukua orodha na kuingiza kila kiasi kwenye akaunti ya ada ya mwanafunzi anayehusika. Mwanafunzi huona matokeo yake katika taarifa ya ada kwenye mfumo wa chuo, ambayo huonyesha upande mmoja kile anachodaiwa na upande wa pili kile kilicholipwa.

Kati ya fedha kufika benki na kuingizwa huwa kuna siku za kusubiri, na huko si kukwama. Kukwama ni pale ambapo wenzake wa orodha hiyo hiyo wameshaingiziwa, yeye bado. Mara nyingi kisa huwa ni utambulisho. Bodi humtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, ilhali chuo humtambua kwa namba ya usajili. Tarakimu moja ikikosewa wakati wa kuoanisha namba hizo, fedha hubaki bila mwenyewe au huingia kwa mwingine.

Mfano wa hesabu

Chukua mwanafunzi ambaye ada yake ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka, yaani 650,000 kwa kila muhula. Bodi imempangia ada ya shilingi 910,000, hivyo anatarajia 455,000 kila muhula. Zinazobaki, 390,000 kwa mwaka, ni zake na familia yake, yaani 195,000 kwa muhula. Mwanzoni mwa muhula wa kwanza analipa 195,000 zake. Wiki kadhaa baadaye anafungua taarifa ya ada na kukuta anadaiwa 455,000.

Deni hilo lenyewe limeshaeleza jambo. Linalingana kabisa na sehemu ya Bodi, kwa hiyo malipo yake binafsi yameonekana na kinachokosekana ni awamu ya mkopo. Kama lingekuwa 650,000, maana yake hata 195,000 zake hazijaonekana, na pa kuanzia pangekuwa risiti ya benki. Kama lingekuwa kiasi kidogo kisicholingana na chochote, huenda ni michango ya chuo, kama vile bima ya afya au ada ya serikali ya wanafunzi, ambayo haimo katika ada ya mafunzo na mwanafunzi huilipa mwenyewe.

Anafungua SIPA na kuona kuwa 455,000 za muhula wa kwanza zimetolewa. Anakwenda dawati la mikopo, ambako afisa anafungua orodha na kuikuta saini yake. Basi hatua tatu zimepita, na imebaki ya nne. Sasa ana sababu ya kwenda kwa mhasibu akiwa na namba yake ya usajili, kiasi, muhula na tarehe aliyosaini. Mhasibu anatafuta 455,000 katika fedha za orodha hiyo ambazo hazijapata mwenyewe, anaikuta imeandikwa kwa namba ya usajili yenye tarakimu moja isiyo sahihi, na kuihamishia mahali pake. Deni linakuwa sifuri.

Katika muhula wa pili mwanafunzi huyo analipa tena 195,000 na kuona tena deni la 455,000. Ukubwa wa deni ni ule ule, lakini safari hii SIPA haionyeshi malipo yoyote ya muhula wa pili. Kumrudia mhasibu hakuna faida, kwa kuwa hana cha kuingiza. Swali linalofaa linakwenda kwa afisa mikopo: je, orodha ya muhula wa pili imefika, na kama imefika, jina limo? Kama orodha haijafika kwa yeyote, ni suala la kusubiri, na mwanafunzi anaweza kuomba chuo kimruhusu kuendelea kwa kuonyesha kuwa amepangiwa mkopo. Kama orodha imefika bila jina lake, hilo ni suala la taarifa zake, na linapaswa kushughulikiwa mara moja kabla muhula haujaisha.

Kumbukumbu za kutunza

Ulinganisho huu hufaa ukifanywa kwa kila kipengele na kila muhula, na taarifa za pande zote mbili zikiwa za siku moja. Anayelinganisha taarifa ya Bodi ya leo na taarifa ya ada ya mwezi uliopita huona pengo ambalo halipo. Mwanafunzi anayehifadhi nakala ya ukurasa wa SIPA, nakala ya taarifa ya ada na tarehe ya kila saini huwa na ushahidi wote anaohitaji, na maombi yake ya marekebisho hujibiwa kwa urahisi zaidi kuliko ya mtu anayesema tu kwamba fedha zake hazionekani.

Kumbukumbu hizo hazimalizi kazi siku ya mahafali. Kila awamu iliyotolewa na kusainiwa huingia katika deni ambalo mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi liishe. Awamu iliyorudishwa Bodi kwa kukosa saini haipaswi kuwemo. Kabla makato hayajaanza, mhitimu aombe taarifa ya deni lake na kuipitia muhula kwa muhula, akiilinganisha na tarehe za saini alizohifadhi tangu mwaka wa kwanza.