Sharti Lenye Sura Mbili: Kutafsiri Kifungu cha Mkataba Kilichopigwa Picha kutoka Kiswahili hadi Kiarabu

Maneno mengi ya Kiswahili ya kisheria yana asili ya Kiarabu. Kwa hiyo mfasiri wa mkataba hushawishika kuyarudisha yalikotoka bila kuyachunguza. Makala haya yanaonyesha kwamba ukaribu huo unaweza kugeuza wajibu kuwa masharti, na kwamba picha ya simu huongeza hatari hiyo. Mfano uliotungwa ni wa nyumba ya kupangisha mjini Zanzibar, ambayo mmiliki wake anaishi Maskati na ametumiwa picha ya kifungu kimoja:

"7. Mpangaji sharti alipe Kodi kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi. Mpangishaji anaweza kusitisha Mkataba kwa sharti kwamba amempa Mpangaji Taarifa ya siku 30, isipokuwa Mpangaji awe amelipa deni lote ndani ya muda huo."

Kazi ya kwanza ni kusoma picha, si kutafsiri. Mpangaji na Mpangishaji hutofautiana kwa herufi tatu tu, na katika picha yenye ukungu mmoja huweza kusomwa badala ya mwingine. Ukanushi nao hukaa ndani ya kitenzi: "alipe" na "asilipe" hutenganishwa na silabi moja, ilhali Kiarabu huweka neno la pekee la kukanusha. Kila silabi ya namna hiyo ithibitishwe kwenye picha iliyokuzwa. Isiposomeka, tafsiri iseme kwamba haisomeki, badala ya kukisia.

Herufi kubwa za Kodi, Mkataba na Taarifa zinaashiria istilahi zilizofafanuliwa mahali pengine, ambapo kwa kawaida ni kifungu cha kwanza. Picha haina kifungu hicho, hivyo kiombwe. Bila hicho haijulikani, kwa mfano, kama Taarifa ni lazima iwe ya maandishi.

Neno "sharti" limetumika mara mbili kwa kazi mbili. Katika sentensi ya kwanza linamlazimisha Mpangaji. Katika ya pili linaweka masharti ya kutumia haki ya Mpangishaji. Katika Kiarabu cha mikataba, "shart" hufaa kwa kazi ya pili. Wajibu huelezwa kwa kitenzi kama "yaltazimu", yaani anafungwa na wajibu. Mfasiri akiandika "bi-sharti an" katika sehemu zote mbili, malipo ya Kodi yataonekana kuwa masharti ya jambo lisilotajwa, na Mpangaji aliyechelewa ataweza kudai kwamba hakuahidi kulipa.

Taarifa nayo ni mtego. Neno "taarifa" katika Kiarabu cha leo humaanisha orodha ya bei au ushuru. Notisi ya kimkataba ni "ikhtar". Kodi vilevile ina maana mbili katika Kiswahili, ya pango na ya serikali. Hapa inayohitajika ni "ujra", si "dariba". Mkataba ni "aqd".

Tafsiri, ikiandikwa kwa herufi za Kirumi, inaweza kuwa hivi:

"Yaltazimu al-mustaajiru bi-sadadi al-ujrati qabla al-yaumi al-khamisi min kulli shahr. Wa yajuzu lil-muajjiri inhau al-aqdi bi-sharti an yakuna qad wajjaha ila al-mustaajiri ikhtaran muddatuhu thalathuna yauman, ma lam yusaddidi al-mustaajiru kamila al-daini khilala tilka al-mudda."

"Yaltazimu" imebeba wajibu, "yajuzu" hiari, "bi-sharti an" masharti, na "ma lam" ubaguzi. "Qabla" haijumuishi tarehe 5 yenyewe, kama ilivyo "kabla". Siku zimeandikwa kwa maneno kwa sababu katika tarakimu za Kiarabu cha Mashariki sifuri ni nukta, ambayo hupotea kwa urahisi katika nakala, na 5 hufanana na sifuri ya tarakimu za Kimagharibi.

Kiarabu hakina herufi kubwa. Istilahi hutambulishwa mara ya kwanza ndani ya alama za kunukuu, kisha hurudiwa neno lilelile, mara nyingi likiwa na "al-". Lakini "ikhtaran" hapa haina kiambishi hicho, kwa kuwa notisi bado haijatolewa. Hivyo umoja wa neno ndio unaoilinda istilahi: mfasiri akibadilisha "ikhtar" kuwa "ishar" kwa ajili ya uzuri wa lugha, msomaji atadhani ni notisi za aina mbili.

Ukaguzi wa mwisho hufanywa kwa kuirudisha tafsiri katika Kiswahili, na mtu ambaye hajaona picha, kisha kuuliza maswali matatu: nani amefungwa, kwa lipi, na lini hafungwi tena? Jibu likitofautiana na lile la kifungu cha asili, kosa huwa kwenye neno moja linaloweza kuonyeshwa.