Kabla hujamwaga vifaranga vya sato kwenye lambo, sikia yaliyowapata furu

Swali ninaloulizwa sana na vijana mnaoanza ufugaji wa samaki ni hili: "Afisa, lambo la kijiji limejaa mvua, si tumwage tu vifaranga vya sato wajizalie wenyewe?" Jibu langu ni hapana, na sababu ipo hapo Busega, ziwani.

Wazee wa Lamadi wanawakumbuka furu, wale samaki wadogo wenye mifupa mingi. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara aliletwa kutoka maziwa mengine ili avuliwe kibiashara. Kwa miaka ishirini hivi hakuonekana tishio. Halafu miaka ya 1980 akaongezeka ghafla, na takriban aina 200 za furu zikatoweka.

Kwa nini furu walishindwa? Jike la furu hulea mayai machache tu mdomoni mwake. Sangara jike hutaga mayai mamilioni. Tena furu hawakuwahi kuishi na samaki mla samaki mwenye ukubwa ule, kwa hiyo hawakuwa na namna ya kumkwepa. Tuseme ukweli, sangara hakuwa peke yake: maji nayo yalichafuka, na furu huchagua dume kwa rangi zake. Majini kukiwa na giza, jike haoni vizuri, aina zinachanganyikana. Furu kiasi wamerudi baada ya sangara kuvuliwa sana, lakini zile aina zilizopotea ndiyo basi tena.

Sasa sato. Huyu tunayemfuga naye ni mgeni aliyeletwa ziwani miaka hiyohiyo. Yeye hamli mwenyeji, anamwoa. Akikutana na ngege, ambaye ni perege wa asili wa ziwa hili, huzaa naye chotara, na pia humnyang'anya chakula na mazalia. Leo ngege wa asili karibu ameisha ziwani; amebaki zaidi kwenye maziwa madogo na mabwawa ya pembeni. Ukimwaga sato huko, unamfuata mpaka alikojificha.

Na usidhani kufuga madume pekee kunatosha. Dume akitoroka, anaweza kuzaa na jike wa ngege.

Kwa hiyo chimba bwawa lako mbali na bonde la Mto Simiyu linalofurika, maana mto ule unaishia ziwani. Bomba la kutolea maji lifunge wavu wenye matundu madogo kuliko kifaranga, na uukague kila baada ya mvua kubwa, kwa sababu takataka zikiziba, maji hupita juu ya tuta na samaki nao. Ukivuna, usifungulie maji yaende korongoni, yaelekeze bustanini. Kisha acha bwawa likauke mpaka tope lipasuke. Vidimbwi vinavyobaki ndimo vifaranga hujificha.

Lambo la kijiji liacheni kwa ng'ombe.