Kosa la Katikati

Mnamo Juni 2006 Joshua Bloch, mhandisi wa Google, alitangaza kwamba programu aliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya Java, ya kutafuta namba katika orodha iliyopangwa, ilikuwa na kosa. Kosa hilo lilikaa humo takriban miaka tisa bila kugunduliwa, tena katika njia ambayo Jon Bentley alishaieleza na kuithibitisha kitabuni miaka ya 1980. Lilikuwa kwenye mstari huu:

```java
int mid = (low + high) / 2;
```

Programu hutafuta kama mtu anavyotafuta neno kwenye kamusi: hufungua katikati, hutazama, kisha huiacha nusu isiyohusika. `low` ni mwanzo wa sehemu iliyobaki, `high` ni mwisho wake. Kihesabu, mstari ule hauna dosari yoyote. Ila `int` ya Java ina biti 32 tu, na namba kubwa kabisa inayoenea humo ni 2,147,483,647. Jumla ikipita hapo, Java haitoi onyo lolote. Hutoa 4,294,967,296 kwenye jibu na kuendelea na kazi.

Chukua orodha ya namba bilioni moja na nusu. Mwanzoni `low` ni 0 na `high` ni 1,499,999,999, kwa hiyo katikati ni 749,999,999, sawasawa kabisa. Tuseme unachotafuta kiko nusu ya juu. Sasa `low` inakuwa 750,000,000, na jumla ni 2,249,999,999. Imezidi kiwango, hivyo inageuka -2,044,967,297, na nusu yake ni -1,022,483,648. Hakuna nafasi ya namba hasi katika orodha, na Java inasimama ikiandika `ArrayIndexOutOfBoundsException`. Katika lugha ya C mambo ni mabaya zaidi, kwani programu yaweza kuendelea na jibu la uongo.

Angalia pia kwamba kilichotafutwa kingekuwa karibu na mwanzo wa orodha hiyo hiyo, kingepatikana bila tatizo. Ndiyo maana majaribio ya namba kumi, elfu au hata milioni moja hayakuonyesha kitu: orodha isiyozidi takriban bilioni 1.07 haiwezi kulifikia kosa hili, na zamani orodha kubwa hivyo zilikuwa nadra.

Dawa yake ni kutojumlisha namba mbili kubwa. Pima umbali kwanza, ugawe, ndipo uongeze:

```java
int mid = low + (high - low) / 2;
```

Kwa mfano wetu hutoka 1,124,999,999, jibu sahihi. Kwa jumla za kawaida, kama mauzo ya mwaka mzima, tumia `long`, au `Math.addExact`, ambayo hutoa kosa waziwazi badala ya kunyamaza.

Wala huhitaji orodha ya bilioni ili kujaribu. Tenga hesabu ya katikati peke yake, ipe 1,500,000,000 na 1,600,000,000, na uone kama inakurudishia 1,550,000,000.