Kipandio cha Kwanza na cha Mwisho

Ukitaka kujua kama ngazi imepigiwa hesabu, ipande bila kutazama chini. Mguu hujifunza upesi. Baada ya vipandio viwili vitatu unakuwa umeshakariri kimo, na kuanzia hapo unanyanyuka kiasi kile kile, hata kama umebeba mtoto mgongoni au ndoo ya maji. Ngazi kali kidogo lakini yenye vipandio sawa humchosha mtu tu. Ile inayoangusha ni yenye vipandio kumi na saba vinavyolingana na kimoja kilichozidi. Kanuni za nyumba za kuishi zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani zinataka tofauti kati ya kipandio kirefu kuliko vyote na kifupi kuliko vyote isizidi milimita 9.5, yaani hata sentimeta moja haifiki.

Tuchukue nyumba ya ghorofa moja ya kawaida. Chumba cha chini kina sentimeta 295 kutoka sakafuni hadi chini ya zege, zege lenyewe lina 15, na juu yake kuna 5 za sakafu ya kumalizia pamoja na vigae. Jumla ni 315. Kipimo hiki, kutoka juu ya kigae cha chini hadi juu ya kigae cha ghorofani, ndicho cha kwanza kuandikwa kwenye karatasi. Wengi hukimbilia kusema wanataka kipandio cha sentimeta 18, kisha wanaanza kupanda nacho hadi wafike juu, na pale juu kinabaki kipande kisichojulikana kiwekwe wapi. Kimo hakichaguliwi hivyo. Unachochagua ni idadi, ambayo lazima iwe namba kamili, na kimo kinatoka chenyewe. Ukigawa 315 kwa 17 unapata 18.5, kimo ambacho bibi mwenye magoti mabovu atakilalamikia. Ukigawa kwa 19 unapata karibu 16.6, ngazi laini lakini inayokula nafasi. Kwa 18 unapata 17.5 kamili. Tubaki hapo.

Sasa tunataka mkanyago, ule upana wa kuweka mguu ambao mafundi wengi huuita tredi. Hapa bado tunatumia wazo la Mfaransa François Blondel, aliyefundisha usanifu majengo mjini Paris katika karne ya 17. Yeye aliona kwamba hatua ya mtu anayetembea tambarare hupungua anapopanda, na kila inchi anayojiinua humnyang'anya inchi mbili za kwenda mbele. Kwa hiyo kimo mara mbili, ukijumlisha na mkanyago, kinapaswa kulingana na hatua moja. Siku hizi wasanifu wengi huchukua hatua hiyo kuwa kati ya sentimeta 60 na 64. Kimo chetu mara mbili ni 35. Tukilenga 63, mkanyago unakuwa 28.

Hizo 28 utazithamini zaidi wakati wa kushuka. Anayepanda hukanyaga kwa nusu ya mbele ya mguu tu, na kisigino kikining'inia hewani hakuna neno. Anayeshuka huweka uzito wote kwenye mguu uliotangulia, na mkanyago ukiwa mfupi inambidi autege mguu upande ili upate pa kukaa. Ukiona watu wa nyumba fulani wanashuka ngazi kwa upande upande, tatizo liko hapo.

Tukihamia kwenye ramani, mara nyingi tunakuta nafasi ya ngazi imeshachorwa kwa kukisia. Tuseme ni chumba cha mita 3 kwa mita 2.1, vipimo vya ndani baada ya lipu. Ngazi itapanda, itageuka kwenye landingi, kisha itarudi. Upana unatosha: mita moja kwa kila upande na sentimeta 10 za nafasi katikati. Urefu ndio unaobana. Landingi inahitaji mita moja ili isiwe nyembamba kuliko ngazi yenyewe, kwa hiyo zinabaki mita 2 za mikanyago. Tukigawa ngazi nusu kwa nusu, kila upande una vimo tisa, lakini mikanyago ni minane tu, kwa sababu kimo cha tisa kinakufikisha kwenye landingi, ambayo ndiyo mkanyago wake. Minane mara 28 ni 224. Tumezidi kwa sentimeta 24.

Njia rahisi ni kubana mikanyago iwe 25, na hesabu ya Blondel itakupa 60, pembezoni kabisa mwa kinachokubalika. Mimi nisingefanya hivyo. Hakuna sheria inayosema pande mbili za ngazi zilingane. Weka vimo kumi chini na vinane juu. Upande wa juu una mikanyago saba, jumla sentimeta 196, na unaingia ndani ya zile mita 2. Upande wa chini una mikanyago tisa, yaani 252, kwa hiyo ngazi inaanzia sentimeta 52 nje ya chumba chake, ukumbini. Ukumbi unapoteza nafasi ya vipandio viwili, na landingi inapanda hadi sentimeta 175, hivyo stoo ya chini yake inapata kimo zaidi. Hakikisha tu kwamba anayepanda hagongi kichwa kwenye boriti ya ukingo wa zege la juu: kutoka ncha ya kipandio kwenda juu kusipungue mita 2.

Kuchora mkato wa ngazi hii kwa mkono hakuhitaji kikokotoo. Kwa skeli ya 1:50, sakafu mbili zinakuwa mistari miwili iliyoachana milimita 63. Laza rula mshazari, sifuri ikae kwenye mstari wa chini na milimita 90 ikae kwenye mstari wa juu. Tia nukta kila milimita 5, na umegawa kimo mara 18 bila desimali hata moja. Pitisha mistari ya ulalo kwenye nukta hizo, kisha shusha ile ya wima kila milimita 5.6. Kwenye ramani ya chini, andika namba za vimo kutoka 1 hadi 18, na mshale uelekee juu.

Kuna jambo moja ambalo mchoro mzuri hulionyesha na mchoro wa haraka huliacha. Fundi anamwaga zege likiwa tupu, kabla ya sakafu ya kumalizia. Sakafu itaongeza sentimeta 5 chini na 5 ghorofani, lakini vigae vya ngazi na udongo wake huongeza kama 2.5 tu. Fundi akimwaga vipandio vyote kwa 17.5, nyumba ikimalizika cha kwanza kitakuwa 15 na cha mwisho 20. Tofauti ya sentimeta tano! Kwenye zege, basi, kipandio cha kwanza kinatakiwa kiwe 20, vile kumi na sita vya katikati 17.5, na cha mwisho 15. Fundi asiyeelezwa sababu ataona umekosea na atavisawazisha, kwa nia njema kabisa, kwa hiyo mwandikie vipimo vya zege tupu pembeni ya mchoro.

Mwombe pia asipime kipandio kimoja kimoja kwa tepu, maana makosa madogo hujumlishana. Achukue ubao mwembamba ulionyooka, atie alama zote 18 kutoka sifuri, ausimamishe wima kwa pimamaji juu ya zege la chini, na ahamishie kila alama ukutani. Alama ya mwisho isipoangukia juu ya zege la ghorofani, zege hilo halikumwagwa kwenye kimo cha mchoro. Hapo mtapima upya kimo chote na kukigawa tena kwa 18 kabla mbao za fomu hazijapigiliwa msumari.