Kusaka Viwanda Ndani ya Ripoti ya Uendelevu

Ripoti ya uendelevu huandikwa ili kampuni ieleze maji na nishati inayotumia, hewa chafu inayotoa na hali ya wafanyakazi wake. Kuonyesha viwanda viliko si lengo lake. Lakini maji lazima yachotwe mahali, na moshi lazima utoke kwenye dohani iliyosimama mahali, kwa hiyo majina ya miji na nchi hujitokeza humo hata pale ambapo tovuti ya kampuni haiyataji.

Msomaji mzoefu huziruka picha za kurasa za mbele na kwenda moja kwa moja kwenye faharisi iliyo mwishoni. Kampuni inayofuata viwango vya GRI huonyesha hapo ukurasa wa kila taarifa. Taarifa 2-1 hutaja makao makuu na nchi ambako kampuni inafanya kazi. 2-2 hutaja kampuni tanzu zilizomo katika ripoti. Yenye faida zaidi ni 207-4, inayohusu kodi nchi kwa nchi, ingawa si kampuni zote huitoa. Kwa kila nchi huorodhesha kampuni tanzu, idadi ya wafanyakazi na thamani ya mali zinazoshikika, yaani majengo, mitambo na kadhalika. Nchi yenye wafanyakazi wachache na mali kidogo kwa kawaida ni ofisi ya mauzo tu. Mali ikiwa kubwa, inafaa kuendelea kutafuta.

Majina ya viwanda vyenyewe hupatikana zaidi katika sehemu mbili. Moja ni maelezo ya bioanuwai, ambamo kampuni hutakiwa kutaja maeneo yake yaliyo ndani au jirani na hifadhi. Nyingine ni barua ya mkaguzi huru, ambayo wengi huipita bila kuisoma. Mkaguzi hueleza alivyohakiki takwimu, na mara nyingi hutaja viwanda alivyovitembelea. Orodha yake si kamili, kwa sababu huchagua vichache tu, lakini kiwanda alichofika kipo bila shaka.

Kampuni ya saruji ya Bamburi, ya Kenya, inaonyesha vizuri namna vipande hivi vinavyounganishwa. Kwa miaka kadhaa kundi lake lilikuwa na viwanda vinne: Mombasa na Athi River nchini Kenya, na vya kampuni tanzu ya Hima nchini Uganda, kimoja wilayani Kasese na kingine Tororo. Vyote huitwa viwanda vya saruji, ila kazi zake hazilingani. Mombasa na Kasese kuna matanuri yanayochoma chokaa kupata klinka; Athi River na Tororo husaga klinka iliyoletwa kutoka kwingine. Tofauti hiyo huonekana kwenye takwimu za hewa ya ukaa, kwa kuwa sehemu kubwa ya hewa hiyo hutoka kwenye jiwe lenyewe linapochomwa. Kiwanda cha kusaga hutoa kidogo sana cha moja kwa moja, na gharama yake kubwa ya nishati ni umeme. Tena, penye tanuri huwa kuna machimbo jirani, na machimbo huelezwa katika kurasa za urejeshaji wa ardhi. Haller Park ya Mombasa, iliyooteshwa juu ya machimbo yaliyokwisha, ni alama ya wazi ya mahali kiwanda kilipo.

Jina la mji pekee halitoshi. Tororo kuna kampuni nyingine inayoitwa Tororo Cement, isiyohusiana na Hima, na anayeoanisha mji na saruji bila kuangalia jina la kampuni tanzu atahesabu kiwanda cha mtu mwingine.

Inabidi pia kusoma aya inayoeleza mipaka ya ripoti. Bamburi ilikuwa na asilimia 70 ya Hima. Ripoti inayohesabu kwa kigezo cha udhibiti huingiza kiwanda kama hicho chote. Inayohesabu kwa hisa huingiza asilimia 70 ya takwimu zake. Kwa kigezo cha udhibiti, kiwanda ambacho kampuni ina hisa chache tu kinaweza kukosekana kabisa, na vivyo hivyo viwanda vya wakandarasi wanaoitengenezea bidhaa.

Mwisho ni tarehe. Ripoti husimulia mwaka uliopita, nayo hutoka miezi kadhaa baadaye. Hima iliuzwa mwaka 2024, na Desemba mwaka huohuo Bamburi yenyewe ikanunuliwa na Amsons ya Tanzania. Anayetegemea ripoti ya 2022 ataiweka Uganda kwenye orodha ya Bamburi kimakosa. Kila kiwanda kinachoandikwa kwenye orodha kiandikwe pamoja na mwaka wa ripoti na ukurasa kilipotajwa, kisha kilinganishwe na hesabu za fedha za karibuni na matangazo ya soko la hisa.